Neno likishikwa mkia: viwakilishi vinavyoambatishwa katika Kiarabu

Watoto wengi wa chuoni huihifadhi Surat Shams mapema, kwa sababu ni fupi na aya zake zote kumi na tano zinaishia kwa sauti moja: haa. Dhuhaahaa, talaahaa, jallaahaa, yaghshaahaa. Sauti hiyo hurahisisha kuhifadhi, lakini haikuwekwa kwa ajili ya mapambo peke yake. Kila haa hapo ni kiwakilishi. Ni "-ake" ya Kiswahili ikiwa imekaa juu ya nomino, na ni "-m-" au "-i-" ya mtendwa ikiwa imekaa juu ya kitenzi. Dhuhaahaa ni mwangaza wake, talaahaa ni "akaliandama" jua, na mwisho wa masikio yetu vyote vinalia sawasawa.

Aya ya 14 ya sura hiyo ndiyo nitakayoitumia hapa, maana ina karibu kila kitu. Inasema: fakadhdhabuuhu fa'aqaruuhaa fadamdama 'alayhim rabbuhum bidhanbihim fasawwaahaa. Maana yake kwa ufupi: wakamkadhibisha, wakamchinja, Mola wao akawaangamiza kwa dhambi yao, akaifanya adhabu iwe sawa kwa wote. Kwa maandishi ya Kiarabu ni maneno saba. Sita kati yao yamebeba kiwakilishi mkiani, na fadamdama peke yake ndilo lililo huru. (Naandika irabu ndefu kwa kuirudia mara mbili, na alama ya ' inasimama badala ya 'ayni au hamza. Herufi nzito sizitofautishi, anayesoma Kiarabu atazijua.)

Msomaji wa Kiswahili anakwama mahali pa kwanza kabisa. "Wakamkadhibisha, wakamchinja" kwa Kiswahili inaweza kueleweka kwamba aliyechinjwa ndiye aliyekadhibishwa, yaani mtume. Kiarabu hakina utata huo: hu ya kwanza ni ya kiume, inamrudia Nabii Saleh, na haa ya pili ni ya kike, inamrudia ngamia jike aliyetajwa katika aya iliyotangulia. Ndiyo maana tafsiri za Kiswahili hulazimika kuongeza neno "ngamia" kwenye mabano.

Tofauti nyingine ni mahali. Kiswahili humweka mtendwa katikati ya kitenzi, kabla ya mzizi: wa-ka-m-chinja. Kiarabu humweka mwisho. Hata hivyo sikio letu si geni kwa jambo la kuambatisha mwishoni na kuliharibu kidogo neno lililotangulia. Tunasema mwanangu, mumewe, mkeo, nduguye, na katika mwenzangu irabu ya mwisho ya "mwenzi" imekwisha kumezwa. Kiarabu hufanya hivyo kwa karibu kila neno, na kwa utaratibu.

Viwakilishi vyenyewe si vingi. Mwenye kusema ana ii au nii, na wenye kusema wana naa. Anayesemeshwa ana ka akiwa mwanamume na ki akiwa mwanamke, wawili wana kumaa, wengi wana kum, na wanawake wengi wana kunna. Anayesemwa ana hu, haa, humaa, hum na hunna kwa mpangilio uleule. Seti hii moja hutumika juu ya nomino kuonyesha mwenye kitu, juu ya kitenzi kuonyesha mtendwa, na baada ya harfu jarri, yaani vihusishi kama fii, min na 'alaa. Wanahau huviita dhamiri mutasili, yaani zilizoungana, kwa sababu haviwezi kusimama peke yake. Kikikosa neno la kushika, kiwakilishi huegemezwa kwenye kipande iyyaa, na hapo ndipo tunapopata iyyaaka na'budu ya Alfatiha.

Wanafunzi wengi huhifadhi orodha hiyo kwa siku moja kisha hukosea kwa mwaka mzima, kwa sababu ugumu hauko kwenye orodha. Uko kwenye neno lililo mbele ya kiwakilishi. Na hapo kuna jambo moja ambalo likishikwa, mengi yanayofundishwa kama kanuni mbalimbali huwa kanuni moja: katika neno la Kiarabu kuna vitu vilivyopo pale mwishoni kwa sababu tu pale ni mwisho. Kiwakilishi kikija, mwisho wa neno si mwisho tena, na vitu hivyo huondoka au hubadilika sura.

Nomino

Tazama rabbuhum na bidhanbihim katika aya yetu. Yakiwa peke yake maneno hayo ni rabbun na dhanbun, yenye tanwini. Tanwini ni alama ya kwamba neno limekamilika na halijafungwa na lingine. Kiwakilishi kikiambatishwa, neno limefungwa, kwa hiyo tanwini inaondoka. Kwa sababu hiyohiyo al- haiwezi kuingia: "Mola wao" ni mahususi tayari, na anayesema ar-rabbuhum amelifanya neno mahususi mara mbili. Kosa la al- ndilo ninaloliona zaidi kwa wanaoanza kuandika insha, na hujificha hasa pale nomino inapofuatwa na sifa. Kitabu changu kipya ni kitaabiyal-jadiidu: sifa inapata al-, nomino haipati.

Kisichoondoka ni irabu ya i'rabu, ile inayoonyesha kazi ya neno katika sentensi. Wengi hudhani kiwakilishi kinaifuta kwa kuwa kimekalia mahali pake, kumbe kinaisogeza ndani tu. Rabbuhum ina dhamma kwa sababu Mola ndiye mtenda. Dhanbihim ina kasra kwa sababu ya bi iliyotangulia. Mola angekuwa mtendwa, ingekuwa rabbahum. Kwa hiyo katika neno lenye kiwakilishi, i'rabu itafutwe kwenye herufi iliyo kabla ya kiwakilishi. Mwanafunzi anayeitafuta mwisho kabisa wa neno atasoma mimu ya hum na hatapata kitu.

Mabadiliko mengine yanaonekana zaidi kwenye maandishi. Neno kama madrasa huishia na taa marbuta, ile he yenye nukta mbili juu, ambayo mtu akisimama husomwa kama h tu. Herufi hiyo hukaa mwishoni mwa neno. Likija haa au ka, taa hufunguka na kuwa ya kawaida: madrasatuka, madrasatuhaa. Mabadiliko hayo ni ya mwandiko. Sauti ya t ilikuwapo tangu mwanzo kwa mwenye kuunganisha maneno.

Hamza ni vivyo hivyo. Abnaa', watoto wa kiume, inaandikwa na hamza iliyokaa mstarini peke yake kwa sababu iko ukingoni. Ikiingia katikati ya neno inatafuta kiti kulingana na irabu: abnaa'uhum hamza hupanda juu ya wau, abnaa'ihim hupanda juu ya yaa isiyo na nukta, na abnaa'ahum hubaki mstarini kwa sababu imetanguliwa na alifu. Kwa hiyo anayesoma maandishi yasiyo na irabu hupewa i'rabu bure na kiti cha hamza. Ni mahali pachache mno katika Kiarabu ambapo maandishi matupu yanakuambia i'rabu waziwazi namna hiyo.

Kisha kuna nuni. Kiarabu kina nuni mwishoni mwa nomino za wawili (-aani, -ayni) na za wengi wa kiume (-uuna, -iina). Nuni hii huchukuliwa na wanahau kama mwenzake tanwini, na kama tanwini, huondoka. Katika Surat Taha, aya ya 12, Nabii Musa anaambiwa fakhla' na'layka, vua viatu vyako. Viatu viwili vilivyotendwa ni na'layni, na nuni imetoka mbele ya ka. Walimu wenu, kwa mtindo huo, ni mu'allimuukum wakiwa mtenda na mu'allimiikum wakiwa mtendwa.

Hapa lazima kuwe na tahadhari, maana si kila nuni ya mwisho ni ya kuondolewa. Masaakin, makazi, ni wingi wenye nuni mwishoni, lakini nuni yake ni ya mzizi, ileile ya sakana. Surat Ahqaf aya ya 25 inasema masaakinuhum, na nuni imebaki pale pale. Ukitaka kujua, rudi kwenye umoja: maskan ina nuni tangu umoja, mu'allim haina.

Kitenzi, na kwa nini nuni yake haiondoki

Turudi kwenye fakadhdhabuuhu. Kitenzi ni kadhdhabuu, walikadhibisha. Kikiandikwa peke yake, baada ya wau ya wingi huwekwa alifu isiyosomwa. Imewekwa kwa ajili ya jicho tu, na mahali pake ni mwishoni. Kikija kiwakilishi, alifu hiyo huondolewa: kadhdhabuuhu, 'aqaruuhaa. Katika daftari za wanafunzi utakuta imebakia katikati ya neno, ikiwa imekwama kati ya wau na he. Mwalimu akiona hivyo anajua mara moja kwamba mtoto amenakili neno kwanza, kisha amebandika kiwakilishi.

Mwisho wa aya kuna sawwaahaa. Kitenzi sawwaa kikiwa peke yake huandikwa na alifu yenye sura ya yaa isiyo na nukta. Katika mwandiko wa kawaida wa leo, sura hiyo hukubaliwa mwishoni tu, na kiwakilishi kikiingia huwa alifu iliyosimama. Msahafu una mwandiko wake wa kale na mara nyingi hulibakisha lile jino la yaa na kuweka alifu ndogo juu yake. Ndiyo sababu anayezoea msahafu akianza kusoma magazeti ya Kiarabu huona kama maneno yameandikwa vibaya. Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake.

Sasa, nuni. Kitenzi cha wakati uliopo cha wengi pia kina nuni: ya'rifuuna, wanajua. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza mu'allimuukum hukimbilia kuiondoa, naye hukosea. Surat Baqara, aya ya 146: ya'rifuunahu kamaa ya'rifuuna abnaa'ahum, wanamjua kama wanavyowajua watoto wao. Nuni imebaki mbele ya hu kama ilivyobaki bila hu. Sababu ni kwamba kazi ya nuni ya kitenzi si ile ya nuni ya nomino. Ya nomino inafanya kazi ya tanwini, inasema neno limejitegemea. Ya kitenzi ni i'rabu yenyewe, alama kwamba kitenzi kiko katika hali ya raf'i, na tumekwisha kuona kwamba i'rabu haifutwi na kiwakilishi. Kinachoiondoa ni lam, lan, an na wenzao. Kwa hiyo ukikuta lam ya'rifuuhu, hawakumjua, usimlaumu hu. Aliyeiondoa nuni ni lam iliyo mbele.

Kuna jambo jingine kuhusu vitenzi ambalo naliona ni la thamani kuliko mengi ya hayo. Viambishi vya mtendwa haviligusi umbo la kitenzi, lakini viambishi vya mtenda huligusa. Naa inaweza kuwa mtenda ("sisi tuli-") na inaweza kuwa mtendwa ("ali-tu-"). Nasarnaa ni tulinusuru. Nasaranaa ni alitunusuru. Ikiwa mtenda, herufi ya mwisho ya mzizi hupigwa sukuni. Ikiwa mtendwa, kitenzi hubaki na fat-ha yake kama ambavyo hakijaambatishwa chochote. Bila irabu maneno hayo mawili huandikwa sawa kabisa, na msomaji hana la kufanya ila kusoma mbele aone kama kuna mtenda mwingine. Kitenzi kikiwa na herufi dhaifu mwishoni, tofauti hujitokeza hata kwenye maandishi: ramaynaa ni tulitupa, ramaanaa ni alitutupa. Mtenda amerudisha yaa ya mzizi, mtendwa ameacha alifu ilivyo.

'Alaa inapokuwa 'alay

Harfu jarri zina mambo machache lakini hutumika kila siku, hata kwetu sisi tusiojua Kiarabu. Salamu alaykum ni 'alaa pamoja na kum. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun ni ilaa pamoja na hu. Alifu ya mwisho ya 'alaa, ilaa na ladaa hugeuka yaa kila kiwakilishi kinapoingia, na katika aya yetu tumepata 'alayhim. Lakini sawwaa nayo iliishia na alifu ya sura ileile na haikugeuka. Wala nomino fataa, kijana, haigeuki: fataahu, kijana wake. Maelezo yanayotolewa ni kwamba lugha imetenganisha maneno yasiyonyambulika na yale yanayonyambulika. Harfu zimegeuzwa, nomino na vitenzi vimeachwa. Kwa msomaji, faida yake ni kwamba -ayhim humwambia papo hapo kwamba yuko kwenye harfu, ama kwenye nomino ya wawili iliyopoteza nuni kama yale na'layka ya Musa.

Li hugeuka kwa namna yake. Mbele ya nomino ni li, lakini mbele ya kiwakilishi ni la: laka, lahum, lanaa. Aya ya 13 ya Surat Shams ina faqaala lahum, akawaambia. Isipokuwa kwa mwenye kusema, ambapo hurudi lii. Bi haibadiliki kamwe: bika, bihi, bii.

Kuna badiliko moja ambalo linakwenda kinyume, yaani neno la mbele ndilo linalokibadilisha kiwakilishi. Hu, hum, humaa na hunna, zikitanguliwa na kasra au yaa yenye sukuni, dhamma yao huwa kasra: bihi, fiihi, ilayhi, dhanbihim, 'alayhim. Linganisha rabbuhum na bidhanbihim, yamekaa pamoja katika aya moja, na kiwakilishi ni kimoja. Kum haifanyi hivyo: tunasema alaykum, hatusemi alaykim. He ni pumzi tu, irabu iliyo kabla yake inapenya na kuivuta iliyo baada yake, ilhali kafu inaziba njia. Na minhu hubaki minhu, kwa sababu kilicho kabla ya he ni nuni yenye sukuni, si kasra. Aliyejifunza kwa kusikia tu huteleza hapo na kusema minhi, kwa kuwa masikio yake yamejaa bihi na fiihi.

Mwenye kusema

Kiwakilishi cha "mimi" ni mkorofi kuliko vyote, kwa sababu kinadai kasra kabla yake. Vingine vinaiacha irabu ya i'rabu mahali pake, hiki huifuta. Kitabu changu ni kitaabii kikiwa mtenda, kitaabii kikiwa mtendwa, na kitaabii baada ya harfu. Ukitaka i'rabu yake hutaiona popote, unaikadiria. Abii, baba yangu, huwatesa watu kwa sababu hiyo: linafanana kabisa na abii la Surat Masad, tabbat yadaa abii lahab, ambalo si baba yangu hata kidogo. Pale yaa ni alama ya jarri. (Yadaa nayo ni yadaani, mikono miwili, imepoteza nuni, safari hii kwa sababu imefungwa na nomino badala ya kiwakilishi.)

Neno likiishia na alifu, haliwezi kupokea kasra. Hapo yaa husimama kwa miguu yake na kupata fat-ha. Surat An'am aya ya 162, ambayo wengi huisoma katika dua ya kufungulia sala, inaonyesha yote mawili: inna salaatii wa nusukii wa mahyaaya wa mamaatii lillaahi. Katika salaatii taa marbuta imefunguka na kupata kasra. Nusukii na mamaatii ni za kawaida. Mahyaa, uhai, inaishia na alifu, kwa hiyo ni mahyaaya. Maneno yote manne ni jina la inna au yamefuata i'rabu yake, lakini hakuna hata moja linaloionyesha. Na neno likiishia na yaa, yaa mbili huungana: 'alayya, juu yangu. Walimu wangu, mu'allimuuna wakipokea yaa, nuni hutoka, wau hugeuka yaa, kisha yaa mbili hushikana na kuwa mu'allimiyya, wakiwa mtenda au mtendwa, hakuna tofauti.

Juu ya kitenzi dai hilo la kasra ni tatizo kubwa zaidi. Kitenzi cha Kiarabu hakina jarri, na kuweka kasra kwenye herufi yake ya mwisho kungeharibu umbo lake. Kwa hiyo huingizwa nuni katikati ipokee kasra badala ya kitenzi, nayo huitwa nuni ya wikaya, yaani ya kinga. Nasara huwa nasaranii, si nasarii. Sikiliza dua ya kikao kati ya sijda mbili: ighfir lii, warhamnii, wahdinii, warzuqnii. Vitenzi vitatu vya mwisho vimebeba nuni kwa sababu "mimi" ni mtendwa wao. Cha kwanza hakina, kwa kuwa pale "mimi" amekuja baada ya li, nayo li haina cha kulinda, ina kasra tayari.

Baadhi ya harfu pia hulindwa. Min na 'an zinaishia na sukuni, na ili sukuni isivunjwe tunapata minnii na 'annii. Inna iko njia panda: innii na innanii zote ni sahihi, na Surat Taha imezitumia zote mbili ndani ya aya chache, innii anaa rabbuka katika aya ya 12 na innanii anallaahu katika aya ya 14.

Nuni hii huleta mkanganyiko pale yaa inapofutwa, jambo ambalo msahafu hufanya mara nyingi. Surat Anbiya aya ya 92: wa anaa rabbukum fa'buduuni. Mtu asiye makini husoma -uuni na kudhani ni nuni ya wingi. Haiwezi kuwa. Kitenzi ni amri, na amri ya wengi haina nuni: u'buduu. Nuni iliyobaki ni ya kinga, na "mimi" ameachwa kwenye kasra yake peke yake: niabuduni Mimi. Kinachothibitisha ni hiyo kasra. Nuni ya wingi ingekuwa na fat-ha. Tatizo ni kwamba msomaji akisimama mwisho wa aya, kasra hutoweka na husikika fa'buduun tu. Masikio hayatoshi hapo, lazima umbo la kitenzi lijulikane.

Viwakilishi viwili juu ya kitenzi kimoja

Kitenzi kinaweza kubeba watendwa wawili, na hapo kiwakilishi cha kwanza nacho huwa "neno lililo mbele". Surat Hud aya ya 28, Nabii Nuhu anawauliza watu wake: anulzimukumuuhaa. Likifunguliwa kuanzia mwanzo, a ni ya kuuliza, nulzimu ni tunalazimisha, kum ni nyinyi, na haa ni hiyo, yaani ile rehema aliyoitaja. Je, tuwalazimishe hiyo? Mwenye kusema hutangulia anayesemeshwa, na anayesemeshwa hutangulia anayesemwa, kwa hiyo kum iko mbele ya haa na mpangilio haugeuzwi.

Lakini ile uu kati yake imetoka wapi? Kum asili yake ilikuwa kumuu, na dhamma ndefu ilikatwa kwa sababu ya kukaa mwishoni. Haa ilipokuja, kum haikuwa mwisho tena, na irabu iliyokuwa imefichwa ikarudi. Ndivyo ilivyo pia kwa tum ya mtenda: sammaytum, mliita, lakini Surat Najm aya ya 23 ni sammaytumuuhaa, mliyaita hayo. Anayeandika sammaytumhaa ameunganisha vipande sahihi na kupata neno lisilotumika.

Na utaratibu wote huu una mahali ambapo hukatika. Kanuni ya hu kuwa hi baada ya yaa yenye sukuni ni imara, lakini katika kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim, ambacho ndicho kinachosomwa kwetu Afrika Mashariki, kuna sehemu mbili ambazo dhamma imeachwa: Surat Fat-h aya ya 10, bimaa 'aahada 'alayhullaaha, na Surat Kahf aya ya 63, wa maa ansaaniihu illash-shaytaanu. Msomaji aliyeelewa kanuni atadhani amekuta kosa la chapa na kusahihisha kwa ulimi wake. Si kosa. Kutia dhamma katika he hiyo ni lugha ya Waarabu wa Hijazi, ilihifadhiwa katika sehemu hizo kwa upokezi, na msomaji Hamza wa Kufa naye alisoma 'alayhum, ilayhum na ladayhum kwa dhamma kila mahali, Alfatiha ikiwemo.